Kutapika Kunakokula Kilo za Mjamzito

Mwanamke aliyekuwa na kilo 60 kabla ya kushika mimba anafika kliniki wiki ya 10 akiwa na kilo 56. Hicho si kichefuchefu cha kawaida tena. Kipimo kinachotumiwa sana na madaktari ni kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wa awali. Kwake yeye hizo ni kilo 3, naye ameshapoteza 4.

Kichefuchefu cha kawaida huwapata wajawazito wengi, wala hakichagui asubuhi au jioni. Huanza karibu wiki ya 6, huchacha karibu wiki ya 9, kisha kwa wengi hutulia mwezi wa nne. Mama hutapika chai, lakini mchana muhogo wa kuchemsha hukaa tumboni.

Kwa mwenye kutapika kupita kiasi, hata maji hayakai. Kilo za mwanzo kupotea ni za maji na chumvi za mwili. Mkojo huwa kidogo na wa rangi nzito. Akiba ya sukari iliyo kwenye ini nayo huisha ndani ya siku moja hivi, ndipo mwili unapoanza kuyeyusha mafuta, kisha misuli. Mafuta yakiungua huacha ketoni, ambazo muuguzi anaweza kuziona kwenye mkojo kwa kijiti cha kupimia.

Wengi huambiwa wanadeka. Ni kauli ya kikatili, na sayansi haiiungi mkono. Mwaka 1999 Marlena Fejzo, mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, alitapika mpaka akashindwa kutembea. Daktari wake akadai anatafuta kuhurumiwa. Mimba ikaharibika wiki ya 15. Fejzo akageukia utafiti, na mwaka 2023 yeye na wenzake walionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, ambayo wakati wa ujauzito hutoka kwa wingi kwenye mimba yenyewe, huamsha kituo cha kutapika kwenye ubongo. Mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba haujaizoea, hivyo ongezeko lake humwelemea zaidi.

Hospitalini, matibabu huwa ni dripu ya maji ya chumvi yenye potasiamu, dawa za kuzuia kutapika, na vitamini B1. Hiyo ya mwisho isisahaulike. Akiba yake huisha baada ya wiki chache za kutokula, na dripu ya glukosi ikitangulia bila B1 inaweza kuudhuru ubongo: mgonjwa huyumba, huchanganyikiwa, macho hucheza.

Akiwa na homa, apimwe malaria na maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kuwa kutapika huku peke yake hakuleti homa. Ultrasaundi nayo huonyesha kama ni mapacha au mimba zabibu, ambazo hutapisha sana. Na aliyeshinda siku nzima bila maji kukaa tumboni, au anayeona kizunguzungu kila asimamapo, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Apelekwe siku hiyohiyo.