Jiwe Lililovuka Mpaka: Taarifa Inayofaa Baada ya Ulipuaji wa Miamba

Kisawasawa imo kando ya barabara ya Kidatu hadi Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Mahali kama hapo, ambapo mwamba unaofaa kwa kokoto hauko mbali na makazi, kila ulipuaji wa baruti huacha swali moja muhimu kwa afya ya jirani: mawe yameangukia wapi?

Eneo la hatari ni eneo linaloondolewa watu kabla ya baruti kulipuliwa. Machimbo mengi hutumia mita 500 kutoka kwenye mwamba. Mpaka huo ni makadirio tu, nao husimama juu ya sharti kwamba matundu yamechorongwa na kujazwa sawasawa. Tundu likiwa karibu mno na uso wa mwamba, au mdomo wake ukizibwa kwa vumbi jepesi badala ya kokoto ndogo zinazoshikana, gesi ya mlipuko hupata njia rahisi ya kutokea na kurusha mawe. Ufa usioonekana ndani ya mwamba huleta matokeo yaleyale. Machimbo yakiwa juu mlimani na nyumba zikiwa bondeni, jiwe hufika mbali zaidi.

Kwa sababu hiyo, jiwe lililovuka mpaka ni tukio la kutolewa taarifa hata kama halikumgusa mtu. Umbali wake ni ushahidi kwamba kuna jambo lililokosewa, na ulipuaji unaofuata ukifanywa vivyo hivyo unaweza kumfikia mtu.

Mfano wa kudhania unaonyesha namna ya kufanya. Saa tisa alasiri mlipuko unasikika, na jiwe la ukubwa wa ngumi linatoboa bati la nyumba iliyo mita 620 kutoka kwenye machimbo. Katika uwanda sawa, jiwe la namna hiyo lilianza safari kwa kasi isiyopungua mita 78 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 280 kwa saa. Mwenye nyumba asikimbilie kulitoa. Kwanza asubiri ishara ya usalama, kwa kuwa mlipuko mwingine unaweza kufuata. Kisha alipige picha jiwe likiwa palepale, pamoja na kitu kinachojulikana ukubwa wake, na tundu la bati. Simu yenye ramani itampa mahali hasa na umbali hadi machimbo.

Baada ya hapo aandike alichosikia na kuona. Je, king'ora kilipigwa, na dakika ngapi kabla ya mlipuko? Je, walinzi wenye bendera nyekundu waliifunga njia? Je, kuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kwamba watu wametoka? Ishara ya usalama ilitolewa lini? Ishara hiyo hupaswa kuja baada ya mlipuaji kukagua mwamba na kuona kwamba hakuna baruti iliyosalia bila kulipuka. Jiwe lililochanganyika na waya au kipande cha kifaa cha kulipulia lisiguswe kabisa.

Nyufa za ukuta ziandikwe kando. Tundu la bati lenye jiwe chini yake lina chanzo cha wazi, ilhali ufa waweza kutokana na mtikisiko wa ardhi au na udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Picha ya ukuta iliyopigwa kabla ya ulipuaji ndiyo itakayotenganisha hayo. Kuyachanganya hudhoofisha dai lote.

Taarifa ipelekwe kwa serikali ya kijiji na kwa Afisa Madini Mkazi wa Tume ya Madini. Aliyeumia akiwa mfanyakazi wa machimbo, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi naye apewe taarifa.

Mtu akijeruhiwa, zahanati huwa shahidi mwingine. Fomu ya polisi PF3 itahitajika, lakini matibabu ya kuokoa maisha yatangulie. Jicho linaloshukiwa kutobolewa lisibonyezwe wala kipande kisichomolewe. Lifunikwe kwa kikinga kigumu kisichogusa mboni, na mgonjwa apelekwe penye huduma ya macho. Aliyepigwa kichwani achunguzwe fahamu mara kwa mara, hata akisema hana maumivu. Kwa kila jeraha lililofunguka, hali ya chanjo ya pepopunda iulizwe.

Katika rejista, maneno "jeraha la jiwe" hayatoshi. Mtoa huduma aandike kwamba jiwe lilirushwa na ulipuaji, saa ya tukio, mahali mgonjwa alipokuwa amesimama, na kama alisikia king'ora. Mistari hiyo miwili au mitatu, ikilingana na picha za mwenye nyumba, humwezesha mkaguzi kuifuatilia safari ya jiwe hadi kwenye safu ya matundu lilikotoka, na kudai mpaka usogezwe au ujazaji ubadilishwe kabla baruti nyingine haijawashwa.