Kujiuzulu ujumbe wa bodi kwa sababu ya mgongano wa maslahi: barua iandikwe vipi?



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa Buguruni na Kariakoo, na wengi wao ni wafanyabiashara. Hao ndio wanaoombwa kukaa kwenye bodi za madrasa, vituo vya mayatima na taasisi za misaada, kwa sababu wanajua hesabu na wanaaminika. Na ni hao hao wanaouza saruji, mabati, mchele na vitambaa ambavyo taasisi inavihitaji. Basi siku moja mjumbe analetewa mezani bei ya duka lake mwenyewe. Akiamua kujiuzulu, habari hufika visiwani kabla ya meli ya jioni, na swali la kwanza nyumbani huwa: "Kala pesa?"

Makala haya yanaeleza hatua za kufuata na maneno ya kutumia, ili amana ilindwe na heshima ya mtu ibaki.

Tuchukue mfano

Mfano huu hauhusu mtu wala taasisi maalumu, na hesabu zake ni za kuelezea tu. Kuna kituo cha mayatima Buguruni chenye bodi ya wadhamini 7. Kituo kinajenga madarasa, na michango mingi inatoka kwa ndugu wa Pemba. Mjumbe mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, yeye na mdogo wake, nusu kwa nusu. Yeye pia ni mmoja wa watu watatu wanaotia saini benki.

Bodi inataka mabati na mbao. Zinaletwa profoma tatu: moja ya shilingi milioni 9.8, nyingine milioni 9.4, na ya duka lao ni milioni 9.1. Duka lao ndilo la bei nafuu. Kuna kosa gani hapo?

Fiqhi inasema nini

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa visiwani, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba wakili hajiuzii mwenyewe mali aliyokabidhiwa, wala hamuuzii mtoto wake mdogo. Ama baba yake au mtoto wake aliyebaleghe, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inafaa kuwauzia, na wapo waliokataa kwa kuogopa tuhuma.

Sababu yake inaeleweka hata na asiyesoma fiqhi. Muuzaji anataka bei ipande, mnunuzi anataka ishuke. Mtu mmoja hawezi kuzisimamia pande zote mbili kwa uaminifu uleule. Na bei kuwa nafuu hakuondoi tatizo, kwa sababu aliyeona profoma za wenzake kabla ya kuandika yake anaweza kushusha kidogo tu akashinda.

Kwa hiyo lau duka lingekuwa la mdogo wake peke yake, jambo lingekuwa jepesi: mjumbe anatoa taarifa, anatoka chumbani, wenzake wanaamua. Lakini hapa nusu ya duka ni yake. Na ujenzi ni wa miaka miwili, kila mwezi kutakuwa na manunuzi. Mjumbe atakayetoka chumbani kila kikao atakuwa mjumbe wa jina tu. Hapo ndipo kujiuzulu kunakuwa bora kuliko kujitenga na kikao kimoja.

Je, ana ruhusa ya kuondoka? Wakala ni mkataba ambao kila upande unaweza kuuvunja. Na kuhusu wasii anayesimamia mali ya mayatima, mafakihi wa Kishafi wamesema anaweza kujitoa akitaka, isipokuwa akiwa hakuna mwingine wa kuibeba kazi hiyo, au akihisi kwa nguvu kuwa mali itaangamia akiondoka. Kwa hiyo makabidhiano ni sehemu ya amana yenyewe: mtu anakabidhi kwanza, kisha ndio anaondoka.

Asili ya maneno yenyewe

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, na mkewe Bibi Safiyya (R.A.) akaja kumzuru usiku. Alipomsindikiza kurudi, wanaume wawili wa Answari wakapita na kuharakisha mwendo. Mtume akawaambia wasiende mbio, na akawajulisha kuwa huyo ni Safiyya binti Huyay. Walipostaajabu, akawaeleza kuwa amechelea shetani asije akatia kitu katika nyoyo zao.

Tazama namna alivyoondoa dhana. Hakuwalaumu kwa jambo ambalo hawajalisema, wala hakutoa maelezo marefu. Alitaja ukweli mmoja unaotosha. Barua ya kujiuzulu ifuate njia hiyo: itaje maslahi yenyewe ni yapi, yamejulikana lini, na mjumbe amefanya nini. Basi.

Wengi hukosea kwa upande mmoja kati ya miwili. Wa kwanza huandika "kwa sababu za kifamilia" au "majukumu yamenizidi", na hali sivyo. Hiyo si lugha ya upole, ni kuficha, na siku duka litakapouza mabati kituoni watu wataunganisha wenyewe. Wa pili huandika akiwa na uchungu: "kutokana na maneno ya baadhi ya wajumbe wasionitakia kheri". Hapo ameacha kueleza jambo lake na kuanza kuwahukumu wenzake, na kila atakayeisoma ataingia upande mmoja wa ugomvi.

Barua ya mfano

> Mwenyekiti,
> Bodi ya Wadhamini,
> Buguruni, Dar es Salaam.
>
> Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.
>
> YAH: KUJIUZULU UJUMBE WA BODI
>
> Naomba kuijulisha Bodi kuwa nina umiliki wa nusu katika duka la vifaa vya ujenzi lililoleta bei ya mabati na mbao kwa ajili ya madarasa. Nilitoa taarifa hii kwa mdomo katika kikao kilichopita, kabla bei hazijafunguliwa, na sikushiriki katika mjadala wala uamuzi.
>
> Kwa kuwa manunuzi ya ujenzi yataendelea, naona maslahi haya yatajirudia. Kwa hiyo najiuzulu ujumbe wa Bodi kuanzia tarehe ya kukabidhi.
>
> Nitakabidhi kwa Katibu nyaraka na mali ya kituo niliyonayo, na naomba saini yangu benki ibadilishwe. Kama kuna swali lolote kuhusu maamuzi niliyoshiriki huko nyuma, nipo tayari kulijibu.
>
> Naishukuru Bodi kwa ushirikiano.
>
> Wabillahi tawfiq.

Angalia maneno machache. "Nina umiliki wa nusu" ni jambo linaloweza kuthibitishwa. Lau angeandika "nina maslahi fulani", angeacha mlango wa kukisia. "Kabla bei hazijafunguliwa" ndiyo sentensi nzito kuliko zote, na iandikwe tu ikiwa ni kweli na imo katika muhtasari wa kikao. Kama alitoa taarifa baada ya bei kufunguliwa, aseme hivyo hivyo: "baada ya bei kufunguliwa". Bodi itajua la kufanya, pengine kuomba bei upya bila duka hilo.

"Naona maslahi haya yatajirudia" inaeleza kwa nini hakutosheka na kutoka chumbani. Haisemi amekosea, wala haisemi ameonewa. Na hakuomba msamaha, kwa kuwa kumiliki duka si dhambi. Aliyekwishauza kwa siri ndiye mwenye la kutubia na kurejesha, na barua kama hii haitamtosha.

Bodi nayo iseme nini

Jibu la bodi liwe fupi vilevile: imepokea barua, imekubali kuanzia tarehe fulani, na inashukuru. Wajumbe wasiongeze sifa nyingi wala kuweka mafumbo. Tangazo baada ya swala ya Ijumaa, au ujumbe kwa wachangiaji wa Pemba, unaweza kuwa hivi: "Ndugu yetu amejiuzulu ujumbe wa bodi kwa kuwa ana hisa katika duka linaloomba kuuza vifaa vya ujenzi kwa kituo. Alitoa taarifa mwenyewe. Amekabidhi nyaraka zote." Kila sentensi iwe ya kweli siku inaposomwa. Kama hajakabidhi, hiyo ya mwisho isubiri.

Yanayosahaulika

Barua pekee haimtoi mtu. Kwanza ni benki: bila muhtasari wa kikao na barua ya bodi, saini yake itaendelea kutambuliwa. Pili ni usajili. Ikiwa taasisi ya Bara imesajili wadhamini wake RITA, mabadiliko ya wadhamini hupelekwa huko, la sivyo jina lake litabaki kwenye daftari. Kwa wakfu za Zanzibar, ofisi inayohusika ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Tatu, na hili linawagusa zaidi ndugu wa visiwani, ni namba ya simu. Mara nyingi michango ya Wete au Mkoani hutumwa kwenye namba ya mjumbe mmoja kwa sababu ndiye anayejulikana. Akiondoka, watu wanaendelea kutuma. Basi siku ya makabidhiano salio lisomwe mbele ya watu wawili, liandikwe, lihamishiwe akaunti ya kituo, na wachangiaji wapewe namba mpya. Pesa itakayoingia baadaye airejeshe au aifikishe kwa maandishi.

Nne, asikirithishe kiti chake. Mjumbe akijiuzulu Jumatatu na mdogo wake, mshirika wa duka lile lile, akaingia Alhamisi, hakuna kilichobadilika. Vilevile bei za washindani alizoziona akiwa ndani ni siri ya amana hata baada ya kuondoka.

Na je, duka lake linaweza kuuza baada ya hapo? Linaweza kuomba kama maduka mengine, bei zifunguliwe siku moja na wote, na uamuzi uandikwe. Lakini kwa ununuzi huu alioujua tangu ndani, salama zaidi ni duka lijitoe.

Ama nyumbani, mama akipiga simu kutoka Pemba kuuliza kulikoni, jibu ni lile lile la barua: "Mama, duka letu linauza mabati na kituo kinanunua mabati. Siwezi kukaa pande mbili." Mwana akijibu hivyo, na barua, tangazo na muhtasari vyote vikasema jambo moja, waliochangia hawatabaki na kitu cha kukisia.

Wallahu aalam.