Kutoka Kumbukumbu hadi Jedwali: Lugha ya Ufunguzi wa Zabuni

Kumbukumbu za ufunguzi wa zabuni ni aina ya maandishi ambayo wanaisimu wa Kiswahili hawajaishughulikia sana, ingawa ndani yake mna masuala mengi ya lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi majina ya wazabuni, bei walizotaja, dhamana zao na zabuni zilizochelewa zinavyoweza kutolewa katika kumbukumbu hizo na kuwekwa katika jedwali moja, na ni wapi maana hupotea katika safari hiyo.

Nchini Kenya ufunguzi huongozwa na kifungu cha 78 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Kamati ya watu wasiopungua watatu hufungua zabuni mara tu baada ya muda kwisha, mbele ya wazabuni wanaotaka kuhudhuria. Kila zabuni ifunguliwapo, husomwa kwa sauti jina la mzabuni, jumla ya bei pamoja na mabadiliko au punguzo lililopokelewa kabla ya muda kwisha, na dhamana iliyotolewa ikiwa ilitakiwa. Kamati hiyo haina ruhusa ya kumwondoa mzabuni yeyote pale pale. Kwa hiyo kumbukumbu ni maandishi ya kilichosikika. Hazitoi hukumu, na jedwali linalotokana nazo halina budi kubaki katika mipaka hiyo hiyo.

Tuchukue kumbukumbu zilizobuniwa kwa ajili ya mfano, za zabuni ya madawati ya shule. Mwisho wa kupokea zabuni ulikuwa saa 10:00 kwa hesabu ya saa 24, na dhamana iliyotakiwa ni shilingi 80,000. Kumbukumbu zasema hivi: “Zabuni tatu zilifunguliwa. Kampuni A ilitaja Sh. 4,860,000, na barua ya punguzo la asilimia 3 ikasomwa. Dhamana ya benki Sh. 80,000. Kampuni B ikishirikiana na Kampuni C ilitaja shilingi milioni nne, laki tano na elfu hamsini na mbili. Dhamana ya bima Sh. 80,000. Kampuni D ilitaja Sh. 4,395,000, dhamana: hakuna. Bahasha ya Kampuni E ilipokelewa saa 4:07.”

Hatua ya kwanza ni kukata matini katika vipande, kila mzabuni kipande chake. Hapa neno dogo “na” laweza kumhadaa msomaji mwenye haraka. B na C wameunganishwa na kitenzi “ikishirikiana”, nao ni mzabuni mmoja mwenye bei moja. Akigawanya kipande hicho mara mbili, jedwali litapata mstari wa ziada usio na bei, na baadaye mtu ataujaza kwa kukisia.

Katika bei, A ana tarakimu mbili zinazohitajiwa, nazo ni bei iliyosomwa na punguzo. Yafaa ziwekwe katika safu mbili, kisha bei halisi, yaani 4,714,200, ikokotolewe katika safu ya tatu. Atakayeandika bei halisi peke yake atakuwa ameficha hesabu aliyoifanya mwenyewe nyuma ya tarakimu inayoonekana kama iliyosomwa. Jambo hili si dogo, kwani kifungu cha 82 cha Sheria hiyo chaifanya bei iliyosomwa wakati wa ufunguzi kuwa ya mwisho.

Bei ya B na C imeandikwa kwa maneno tu, na hapo sarufi ya hesabu ya Kiswahili inaleta utata wake wa kale. “Elfu hamsini na mbili” ni 52,000, au ni 50,000 kuongeza 2. Busara yaelekea 4,552,000, maana ni nani atakayedai shilingi mbili mwishoni mwa mamilioni? Lakini busara si ushahidi. Tarakimu hutafutwa katika fomu ya zabuni, mahali wanakamati walipotia saini za mkato, na jedwali litaje kuwa zimetoka huko.

Neno gumu kuliko yote katika kumbukumbu hizi ni “hakuna”. Dhamana ya D huenda haikutakiwa kwake, huenda haikuwamo bahashani, au huenda ilikuwamo lakini haikusomwa. Kiswahili kina njia ya kutofautisha hali hizi tatu kwa kitenzi kimoja kimoja, yaani haikutakiwa, haikuwamo, haikusomwa. Mwandishi wa kumbukumbu amezikusanya zote katika neno moja. Kuna na hali ya nne, ya makundi maalumu ambayo Sheria huyaruhusu kujaza fomu ya tamko badala ya dhamana. D ndiye mwenye bei ya chini kuliko wote. Anayeandika sufuri katika safu ya dhamana amekwisha kumhukumu, hali kamati yenyewe haikuwa na mamlaka hayo. Seli hiyo iandikwe “hakuna” kama ilivyo, katika alama za kunukuu, kisha rejista ya ufunguzi itazamwe. Mzabuni ana haki ya kupewa nakala ya rejista hiyo akiiomba, kwa hiyo tofauti kati yake na jedwali haitafichika.

Sasa E. Kwa macho ya kompyuta inayolinganisha tarakimu, 4:07 yatangulia 10:00, na bahasha hii ilifika mapema kabisa. Kwa sikio la Mswahili ni saa nne na dakika saba asubuhi, yaani 10:07, na E amechelewa dakika saba. Karani wa mapokezi ameandika saa aliyoisema, na tangazo la zabuni limeandika saa ya ofisini. Dalili ya kosa hili ni saa yoyote ya mapokezi iliyo kabla ya ofisi kufunguliwa, kwani hakuna karani apokeaye bahasha alfajiri saa 4:07 ya hesabu ya saa 24. Saa zote zigeuzwe katika mfumo mmoja, na ile ya asili ibaki kando yake.

Zabuni iliyochelewa hurudishwa bila kufunguliwa. Ina mstari katika jedwali, lakini haina bei. Pakiandikwa sufuri, siku jedwali litakapopangwa kwa bei E atapanda juu kuliko wote.

| Mzabuni | Bei iliyosomwa | Punguzo | Dhamana | Mapokezi |
|---|---|---|---|---|
| A | 4,860,000 | 3% | benki, 80,000 | kabla ya 10:00 |
| B pamoja na C | 4,552,000 (tarakimu: fomu) | halikutajwa | bima, 80,000 | kabla ya 10:00 |
| D | 4,395,000 | halikutajwa | “hakuna” | kabla ya 10:00 |
| E | haikufunguliwa | – | haikufunguliwa | 10:07 (“4:07”) |

Kabla ya kulitoa jedwali, majaribio mawili yatosha. La kwanza ni kuhesabu mistari: kumbukumbu zilitaja zabuni tatu zilizofunguliwa na moja iliyochelewa, basi mistari iwe minne. La pili ni kulinganisha safu ya bei na safu ya dhamana. Zote mbili ni shilingi, na programu inayotafuta “Sh.” na tarakimu zinazoifuata huokota ya kwanza inayoiona. Katika kipande cha B na C tarakimu pekee ni 80,000, nayo ingeingia katika safu ya bei bila kelele yoyote. Sheria huizuia dhamana kuzidi asilimia 2 ya thamani ya zabuni kama taasisi ilivyoikadiria. Kwa hiyo bei iliyo sawa na dhamana, au iliyo chini yake, irudishwe kwenye ukurasa ilikotoka.