Upau Unaobeba Bila Kuonekana

Siku nilipowabandikia wanakamati ya ujenzi ratiba ya madarasa mawili, mzee mmoja aliikaribia karatasi, akaitazama kwa utulivu, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona plasta inachukua muda mrefu kuliko kuta?" Nikatazama tena. Kweli, kwa jinsi mchoro ulivyokaa, plasta ilikuwa na upau mrefu kuliko kazi zote: bluu ndefu kutoka pembeni kushoto, na mwishoni kipande kifupi cha rangi ya chungwa. Kuchimba msingi, kazi ya kwanza, karibu hakukuwa na bluu kabisa.

Mzee hakukosea kusoma. Kosa lilikuwa langu. Kazi yenyewe ilikuwa kile kipande cha chungwa. Ile bluu haikuwa kazi ya mtu yeyote. Ilikuwa tarehe ya kuanzia, na niliiacha ionekane.

Mchoro huu wa pau zilizolala, kila kazi na mstari wake, umekuwepo zaidi ya miaka 100. Karol Adamiecki, mhandisi wa Poland, alibuni mchoro wa aina hii mwaka 1896. Jina lililobaki midomoni mwa watu, hata hivyo, ni la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1919, na mpaka leo wasimamizi wa miradi huuita chati ya Gantt. Excel haina chati yenye jina hilo kwenye orodha yake ya kawaida. Watu huiunda kwa kuazima chati nyingine iitwayo Stacked Bar, yaani pau zinazounganishwa mkia kwa kichwa. Tatizo la mzee wetu linaanzia kwenye uazimaji huo.

Hii ndiyo ratiba yenyewe, kama ilivyokuwa kwenye jedwali langu:

```
Kazi               Kuanza      Kumaliza    Siku
Kuchimba msingi    02/03/2026  07/03/2026     6
Kujenga msingi     09/03/2026  20/03/2026    12
Kupandisha kuta    23/03/2026  09/04/2026    18
Kumwaga lenta      13/04/2026  17/04/2026     5
Kupaua             27/04/2026  06/05/2026    10
Plasta na sakafu   11/05/2026  25/05/2026    15
```

Safu ya Siku sikuiandika kwa mkono. Niliweka fomula, nikaiburuta hadi chini:

```
=C2-B2+1
```

Ile moja ya mwisho ina sababu yake. Anayeanza Jumatatu tarehe 2 na kumaliza Jumamosi tarehe 7 amefanya kazi siku 6, lakini ukitoa 2 katika 7 unapata 5. Bila kuongeza moja, kila kazi inapunjwa siku.

Chati inatumia safu tatu tu kati ya hizo: Kazi, Kuanza na Siku. Kwa kila kazi, Excel inachora kwanza upau wa Kuanza, kisha inaubandika upau wa Siku palipoishia ule wa kwanza. Upau unaweza kuwa na urefu wa tarehe kwa sababu, ndani ya Excel, tarehe ni namba tu. Tarehe 1 Januari 1900 ni 1, inayofuata ni 2, na hesabu inaendelea hivyo hivyo bila kupumzika. Tarehe 2 Machi 2026 ni 46083, na tarehe 11 Mei, siku ya kuanza plasta, ni 46153. Ukitaka kuhakikisha, badilisha muundo wa seli yenye tarehe uwe General, namba itajitokeza.

Kwa hiyo upau wa bluu wa plasta una urefu wa 46153, na wa chungwa una 15. Bluu inausukuma upau wa chungwa hadi tarehe yake, basi. Haina ujumbe wowote kwa msomaji. Lakini msomaji hajui hilo. Akiona rangi, anaona kazi.

Dawa yake ni fupi. Bofya upau wowote wa bluu mara moja. Vijidoti vitatokea kwenye pau zote za bluu, ishara kwamba umeukamata mfululizo mzima. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Format Data Series, kisha bonyeza alama ya kopo la rangi. Chini ya Fill chagua No fill, na chini ya Border chagua No line. Bluu inatoweka, na zile za chungwa zinabaki zikielea kila moja mahali pake, kama ngazi inayoshuka kutoka kushoto kwenda kulia. Ukisahau Border na upau ulikuwa na mstari wa pembeni, utabaki na maboksi matupu yanayozua maswali yale yale.

Ikiwa ni upau mmoja tu uliopotea na mingine bado ni bluu, ujue ulibofya mara mbili. Mbofyo wa pili hukamata upau mmoja peke yake. Bofya nje ya chati, kisha anza upya kwa mbofyo mmoja.

Hapa wengi huteleza, kwa sababu kuficha kunafanana na kuondoa. Mtu anaona bluu inamsumbua, anaibofya na kubonyeza Delete. Papo hapo pau zote za chungwa zinakimbilia kushoto na kujipanga ukutani, kana kwamba msingi, kuta na plasta vinaanza siku moja. Aliyekuwa amezibeba ameondoka. Mwingine anakwenda kwenye jedwali na kuificha safu ya Kuanza, akidhani atapata matokeo yale yale ya No fill. Yanayompata ni yale ya Delete, kwa sababu kwa kawaida Excel haichori data ya safu iliyofichwa. Kama ni lazima safu hiyo isionekane kwenye karatasi, bofya chati kwa kitufe cha kulia, ingia Select Data, bonyeza Hidden and Empty Cells, kisha weka alama kwenye Show data in hidden rows and columns.

Wa tatu anaupaka upau rangi nyeupe. Kwa mbali inaonekana imefaulu. Tazama kwa karibu: mistari myembamba ya tarehe inayoshuka nyuma ya pau imekatwa kila inapokutana na weupe, na jicho haliwezi tena kuifuata kutoka kwenye tarehe hadi kwenye kazi. Ukihamishia chati kwenye ukurasa wenye rangi, pau nyeupe zinajitokeza zote. Nyeupe ni rangi kama nyingine. No fill haina rangi, na kilicho nyuma yake kinaonekana.

Bluu ikishaondoka, kasoro mbili zilizokuwa zimejificha hujitokeza. Ya kwanza ni mpangilio. Excel huweka kazi ya kwanza chini kabisa, kwa hiyo plasta inakaa juu na kuchimba msingi chini, kama nyumba inayojengwa kuanzia kwenye paa. Bofya majina ya kazi kwa kitufe cha kulia, chagua Format Axis, weka alama kwenye Categories in reverse order. Tarehe nazo zitahamia juu. Mimi huziacha huko huko, maana karatasi inasomeka kama kalenda.

Ya pili ni nafasi tupu upande wa kushoto. Excel hujichagulia tarehe ya kuanzia, na mara nyingi huianza mapema kuliko kazi ya kwanza. Bofya tarehe zenyewe, rudi Format Axis, na chini ya Bounds andika Minimum 46083, yaani 2 Machi, na Maximum 46174, yaani 1 Juni. Kwenye Major andika 7. Sasa kila mstari unasimama Jumatatu, na ratiba nzima imekuwa wiki 13 kamili. Jihadhari na jambo moja: namba hizo umezifunga mwenyewe. Ukirudisha kuchimba msingi nyuma hadi Februari, chati haitafuata. Itaukata upau na kuuonyesha kana kwamba kazi imeanza 2 Machi.

Ikitokea, kabla hujafunga namba hizo, mstari wa tarehe unaanzia 00/01/1900, usiharakishe kuurekebisha. Hiyo ni tarehe isiyokuwepo, na Excel huiandika ikikutana na sifuri. Mara nyingi maana yake ni kwamba tarehe mojawapo kwenye jedwali si tarehe bali ni maandishi, pengine kwa sababu imeandikwa kwa nukta au imenakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu. Excel huyahesabu maandishi hayo kuwa sifuri, na upau wa kazi hiyo unaanzia mwaka 1900. Zile kazi nyingine zinabanwa mno. Kwenye chati yenye upana wa sentimita 15 inayobeba siku 50,000, siku 15 za plasta zinapata nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kuikamata tarehe ya aina hiyo, andika hivi kwenye seli tupu, kisha iburute:

```
=ISNUMBER(B2)
```

Inapojibu FALSE, iandike upya tarehe hiyo. Kuna pia tarehe inayopita mtihani huu na bado ikapotosha: 05/03/2026 kwenye kompyuta iliyowekwa kwa utaratibu wa Marekani ni tarehe 3 Mei, wala si 5 Machi. Hapo upau unaelea vizuri kabisa, ila mahali pasipo pake.

Mwisho, futa neno Kuanza kwenye ufunguo wa rangi. Lisipofutwa, watu watatafuta kitu ambacho hakionekani. Libofye mara mbili taratibu hadi lizungukwe peke yake, kisha ulifute. Hapa Delete haina madhara, kwa sababu inaondoa jina tu.

Niliporudisha karatasi kwa kamati, mzee aliweka kidole kwenye nafasi tupu kati ya lenta na kupaua. "Hizi siku tisa hamna kazi?" Nikamwambia zege linamwagiliwa maji na kuachwa likomae kabla ya kubebeshwa paa. Akatikisa kichwa na kukubali. Siku ya kwanza nafasi hiyo ilikuwepo pia, lakini ilikuwa imefunikwa na bluu.

Ukimaliza chati yako, ijaribu kabla ya kuichapa. Sogeza mbele kwa wiki moja tarehe ya kuanza na ya kumaliza ya kazi ya katikati, kwenye jedwali, wala si kwenye chati. Upau wake ukisogea kulia bila kubadilika urefu, umeificha bluu vizuri. Ukikaa pale pale kushoto, hukuificha: umeifuta.