Ndege Inayoruka Chini Ndiyo Yenye Hewa Haba

Swali limetoka Mugumu, na wasomaji wa Tarime wana lao linalofanana nalo. Mzee mwenye mapafu yaliyochakaa, anayepumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni ya kubeba, amepewa rufaa ya kwenda Muhimbili. Je, akatiwe tiketi ya ndege ndogo inayopaa Seronera, palipo jirani, au apelekwe kwa gari mpaka Mwanza kupitia Bunda na Lamadi, ndipo apande ndege kubwa? Wengi watachagua Seronera, kwa hoja kwamba safari ya barabarani inachosha na kwamba ndege kubwa hupaa hadi mita 11,000, ilhali ndogo haifiki hata nusu ya hapo. Mimi nasema Mwanza. Hoja ya kimo inasahau kwamba abiria hapumui hewa iliyo nje ya ndege. Hupumua iliyo ndani.

Ndege kubwa kama Airbus A220 ya Air Tanzania hushindilia hewa ndani ya chumba cha abiria, kiasi kwamba hata ikiwa mita 11,000 juu, aliyeketi ndani hupumua kama mtu aliye kwenye mlima wa mita 2,400 hivi, na mara nyingi chini ya hapo. Cessna Caravan inayohudumia viwanja vya hifadhini haishindilii hewa. Ikiwa mita 3,600, abiria naye yuko mita 3,600. Ili tuone uzito wa jambo hili, tufanye kana kwamba tuko pwani na tunapunguza oksijeni kidogo kidogo katika hewa, ambayo kwa kawaida ina asilimia 21. Kupumua kwenye miinuko ya Tarime na Mugumu, takriban mita 1,500, ni sawa na kubakiwa na asilimia 17. Ndani ya ndege kubwa ni 15. Ndani ya Caravan iliyo mita 3,600 ni kama 13. Mapafu mazima huvumilia tofauti hiyo. Mapafu mabovu huwa tayari yamesimama ukingoni, pale ambapo hewa ikipungua kidogo tu, oksijeni ya damuni huporomoka.

Mtu atasema: mashine si ipo? Hapa ndipo inabidi tuifungue tuitazame ndani, na kwanza tuipe jina linaloieleza. Ukisema kaunta kwamba una mashine ya oksijeni, mkata tiketi huwaza mtungi wa gesi, na mtungi wa abiria mwenyewe mashirika mengi huukataa. Mimi nitaiita kikolezo, kwa sababu haitengenezi oksijeni wala haiihifadhi: huvuta hewa ya hapo ilipo na kuikoleza. Ndani yake mna pampu na mirija miwili iliyojaa punje za madini yaitwayo zeolaiti. Watu hudhani punje hizo ni chujio lenye vitundu vinavyopitisha oksijeni na kuzuia naitrojeni kwa ukubwa wake, lakini molekuli hizo mbili zinakaribiana mno kwa ukubwa. Kinachozitenganisha ni kunata. Ndani ya zeolaiti mna chembe zenye chaji ya umeme, na naitrojeni, kwa jinsi umeme wake ulivyojigawa, huvutwa na chaji hizo kuliko oksijeni. Mfikirie mtu aliyevaa sweta akikatiza shamba lililoota kishonanguo: mbegu za kishonanguo hung'ang'ania sufi, punje za mchanga hudondoka. Naitrojeni ndiyo kishonanguo, oksijeni ndiyo mchanga. Kadiri shamba lilivyosongamana ndivyo mbegu zinavyonata kwa wingi, na ndiyo maana pampu husukuma hewa kwa nguvu ndani ya mrija wa kwanza. Sweta likijaa mbegu halinasi tena, hivyo mashine huachia shinikizo, naitrojeni hujibandua na kutolewa nje, na wakati huo mrija wa pili umekwisha kuvaliwa na kuingia shambani. Mirija hupokezana hivyo kila baada ya sekunde chache, na puani hufika oksijeni ya asilimia 90 hivi. Haiwezi kufika 100, kwa kuwa hewa ina gesi ya agoni karibu asilimia moja, nayo huteleza pamoja na oksijeni. Mfumo huu wa kubana na kuachia, kwa macho yangu, ni mmoja wa uvumbuzi mzuri kabisa wa kikemia uliowahi kuingia kwenye mkoba wa begani.

Lakini uzuri huo wote unategemea pampu kupata hewa ya kubana. Palipo na hewa haba, kila pigo la pampu humeza molekuli chache, shinikizo halifiki panapotakiwa, naitrojeni hainati vya kutosha na oksijeni inayotoka hupungua. Kwa hiyo mashine nyingi zimeidhinishwa kufanya kazi mpaka mita 3,048 tu. Caravan inayotoka Seronera kwenda Arusha ina nyanda za juu za Ngorongoro mbele yake, zenye kilele kinachopita mita 3,600, hivyo rubani hawezi kuahidi kubaki chini. Mgonjwa huzidiwa mara mbili: mapafu yake yanakosa hewa, na mashine yake pia. Dalili ni kengele ya mashine, midomo kugeuka rangi, na oksimita ya kidoleni kushuka chini ya kile alichoagiza daktari. Naikubali hoja moja ya upande wa pili: ndege ndogo inayotoka Seronera kuelekea magharibi, Mwanza, haina milima ya namna hiyo na inaweza kuruka chini zaidi. Kama barabara haiwezekani kabisa, hiyo ndiyo ya kuulizia, na rubani aambiwe mapema.

Tiketi yenyewe isinunuliwe kwenye simu na kuachwa hivyo. Piga au nenda ofisi ya shirika, mapema zaidi ya saa 48, na uombe kikolezo kiandikwe kwenye nafasi ya mgonjwa kwa msimbo `PPOC`. Daktari ajaze fomu ya `MEDIF`. Kisha tazama betri. Kanuni iliyozoeleka ni chaji ya mara moja na nusu ya muda wa safari ya angani. Mwanza hadi Dar ni kama saa moja na nusu, kwa hiyo kanuni inadai saa mbili na robo. Lakini ongeza saa mbili za kungoja uwanjani, ndege kuchelewa saa moja na kushuka hadi kwenye gari, na utaona saa sita ndizo za kweli. Njiani garini, mashine itumie umeme wa gari. Betri zenyewe ni za litiamu: zidisha volti kwa ampia-saa zilizoandikwa ubavuni. Yenye 14.4 na 6.8 hutoa wati-saa 98, chini ya kikomo cha 100. Za akiba zikae mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa.



Siku moja kabla ya kuondoka Mugumu au Tarime, mwombe mkata tiketi asome alama iliyo mbele ya `PPOC`. Ikiwa `HK`, imekubaliwa. Ikiwa `HN`, bado inangojewa, na `UC` maana yake wamekataa. Gari lisiwashwe mpaka isomeke `HK`.