Wosia Unaofunga na Wosia Unaoongoza: Agizo la Matibabu na Barua ya Matakwa katika Sheria ya Kenya

Utangulizi

Neno 'wosia' limebeba maana mbili katika Kiswahili. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858, alichompa kilikuwa wosia kwa maana ya nasaha: mama anaelekeza, na binti anabaki na hiari ya kufuata. Mahakamani, neno hilo hilo hutaja hati ya kugawa mali ambayo aliyerithishwa anaweza kuidai kwa nguvu ya sheria. Mzungumzaji hutumia neno moja kwa maana zote mbili bila kutatizika. Hata hivyo, anapoandika matakwa yake ya mwisho, tofauti hiyo ndiyo huamua kama maneno yake yatatekelezwa au yatasomwa tu.

Makala haya yanafafanua hati mbili ambazo aghalabu huandamana na wosia wa mali, nazo ni agizo la matibabu na barua ya matakwa. Yanaonyesha kwamba nguvu ya kila tamko hutegemea mambo matatu: hati lilimoandikwa, maneno yaliyotumiwa, na wakati ambapo tamko hilo linahitajika.

Mfano wa Mwalimu Mstaafu

Mfano wa kubuni utasaidia kuyaweka mambo haya wazi. Mwalimu mstaafu, mwenye mke na watoto wanne ambao sasa ni watu wazima, aliandika wosia mwaka 2018. Humo alisema kwamba shamba lake la ekari 3 anampa mkewe, akiwa na imani kuwa atalitunza kwa ajili ya watoto wao. Nyumba ya mjini alimpa binti yake wa kwanza. Aliagiza azikwe katika shamba hilo, si katika boma la babu zake. Mwisho aliandika kwamba akipoteza fahamu bila matumaini ya kupona, asiwekwe kwenye mashine ya kupumulia.

Mwaka 2021 aliandika barua kwa mkono wake, akaitia sahihi peke yake na kuihifadhi pamoja na wosia: "Gari langu apewe mpwa wangu aliyenitunza. Vitabu vyangu vipelekwe katika maktaba ya shule niliyofundisha." Mwaka 2023 alipatwa na kiharusi, akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na baada ya wiki tatu akafariki. Hapo ndipo bahasha ilipofunguliwa.

Hati: Chombo Kinachobeba Tamko

Swali la kwanza ni kuhusu chombo. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160 ya Sheria za Kenya, kinataka wosia wa maandishi utiwe sahihi au alama na mwenyewe, na ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili. Kila shahidi lazima awe amemwona mwenye wosia akitia sahihi, au awe amesikia kutoka kinywani mwake kwamba sahihi ile ni yake. Kisha shahidi naye atie sahihi mbele ya mwenye wosia. Si lazima mashahidi wote wawili wawepo kwa wakati mmoja.

Barua ya mwaka 2021 haikutimiza masharti hayo. Hivyo basi, ingawa maneno "apewe mpwa wangu" yangempa mpwa haki kamili ya gari kama yangekuwa ndani ya wosia, katika barua ile ni ombi tu. Kitenzi ni kile kile, na dhamira tegemezi ni ile ile, lakini chombo kimebadilika. Gari litafuata kipengele cha wosia kinachogawa mali iliyosalia, ikiwa kipo. Kisipokuwepo, litagawanywa kama mali ya mtu asiyeacha wosia. Mpwa hana msingi wa kulidai kwa barua ile. Kinachobaki ni warithi wenyewe kukubaliana kwa hiari kumpa.

Hata hivyo, sheria haikufunga mlango kabisa. Kifungu cha 12 kinaruhusu wosia kuitaja hati nyingine, na hati hiyo ikahesabiwa kuwa sehemu ya wosia. Masharti yake ni kwamba hati hiyo iwe imekwisha kuandikwa wosia unapofanywa, na itambulike bila shaka kuwa ndiyo iliyotajwa. Wosia unaosema "barua niliyoiandika tarehe 3 Machi 2018, yenye kurasa mbili" unaweza kuivuta barua hiyo ndani. Wosia unaosema "barua nitakayoiandika" hauwezi. Tofauti ya wakati katika kitenzi, 'niliyo-' na 'nitakayo-', inaweza kumpa mtu gari au kumnyima.

Mtu anaweza kuuliza ni kwa nini basi watu huandika barua isiyofunga. Sababu ni kwamba udhaifu wake ndio manufaa yake. Wosia uliowasilishwa mahakamani huwa sehemu ya jalada la kesi, na kuubadilisha kunahitaji mashahidi upya. Barua hubaki ndani ya familia na inaweza kuandikwa upya wakati wowote. Isitoshe, ina kazi moja ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 26 kinaipa mahakama uwezo wa kumtengea fungu mtegemezi ambaye wosia haukumpa riziki ya kutosha, na kifungu cha 28 kinaiagiza mahakama kuzingatia, pamoja na mambo mengine, sababu za mwenye wosia kumwacha mtegemezi huyo, kadiri zinavyoweza kujulikana. Baba aliyeeleza katika barua kwamba mwana mmoja alikwisha kupewa ardhi angali hai ameiachia mahakama ushahidi. Barua haitaifunga mahakama, lakini itaielekeza.

Maneno: Kutoa na Kutumaini

Swali la pili huibuka ndani ya wosia wenyewe. Si kila sentensi iliyomo katika hati halali hufunga. Maneno ya mwalimu kuhusu nyumba, "nampa binti yangu", yanatoa. Maneno kuhusu shamba yana sehemu mbili: "nampa mke wangu" yanatoa, ilhali "nikiwa na imani kuwa atalitunza kwa ajili ya watoto" yanatumaini.

Mahakama za Uingereza, ambazo sheria ya Kenya ilirithi kanuni zake nyingi, ziliwahi kuyachukulia maneno ya imani kama hayo kuwa wajibu. Msimamo huo uligeuka katika karne ya 19. Katika shauri la Adams na Kensington Vestry la mwaka 1884, mume alikuwa amemwachia mkewe mali kwa maneno ya kumwamini kikamilifu kwamba angetenda haki baina ya watoto. Mahakama iliamua kuwa mali ni ya mke, na kwamba maneno yale hayakumwekea wajibu wa kisheria. Kwa mwelekeo huo, mjane wa mwalimu anaweza kuliuza shamba. Kama mwalimu alitaka kumfunga, angepaswa kutamka wajibu waziwazi, kwa mfano kwamba mke atalitumia shamba maisha yake yote na baada yake liwe la watoto.

Agizo la mazishi ni gumu zaidi, kwa sababu hapa hata maneno ya amri hayatoshi. Mwili wa marehemu si mali, hivyo haugawiki kwa wosia. Kesi iliyolidhihirisha suala hili ni ile ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Matasia karibu na Ngong, na mashahidi wake walieleza kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki hiyo, na Otieno akazikwa Nyalgunga. Katika mashauri ya aina hii, matakwa ya marehemu huheshimiwa kadiri inavyowezekana, lakini hayafungi. Kwa hiyo maneno ya mwalimu kuhusu kaburi lake yana uzito wa nasaha, hata yakiwa ndani ya wosia wenye mashahidi wawili.

Wakati: Agizo Lililochelewa

Kosa zito zaidi la mwalimu lilikuwa la wakati. Wosia huanza kunena mwenyewe akishafariki. Agizo la mashine ya kupumulia linahitajika angali hai, hawezi kusema. Kwa wiki tatu alizokuwa hospitalini, bahasha ilikuwa imefungwa. Madaktari walimwunganisha na mashine, na hawakukosea, kwa kuwa hapakuwa na lolote lililowajulisha vinginevyo.

Mahali pa agizo hilo ni hati ya pekee, na nguvu yake hutokana na Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Sheria hiyo haiweki fomu maalumu ya agizo la aina hii. Hata hivyo, kifungu cha 9 kinakataza mgonjwa kupewa huduma bila ridhaa yake, kisha kinaeleza hali zinazoondoa sharti hilo. Mbili kati yake zinahusika hapa. Kwanza, mgonjwa asiyeweza kuridhia anaweza kuwakilishwa na mtu aliyempa idhini hiyo kwa maandishi. Asipokuwepo mtu huyo, ndipo jamaa wa karibu huulizwa. Pili, daktari anaruhusiwa kutoa huduma pale ambapo kuchelewa kunaweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebishika, mradi mgonjwa hakuwa ameikataa huduma hiyo kwa maneno, kwa ishara au kwa mwenendo.

Kutokana na hayo, sehemu mbili za agizo la matibabu zina meno. Ya kwanza ni kumteua msemaji kwa maandishi: angemteua mpwa wake, neno la mpwa lingetangulia la watoto wote. Ya pili ni kukataa huduma iliyotajwa kwa jina na kwa hali. Kauli kama "sitaki kuteseka" haimwambii daktari akatae nini. Kauli kwamba mashine ya kupumulia isitumiwe iwapo madaktari wawili watathibitisha kuwa hakuna tumaini la kurejewa na fahamu inaeleweka na inapimika.

Sehemu nyingine za agizo huongoza tu. Kuomba dawa au upasuaji fulani hakumlazimishi daktari kutoa tiba anayoona haina faida. Kuomba kukatishwa maisha hakumpi yeyote ruhusa, kwa kuwa tendo hilo ni kosa la jinai. Na hati yote, hata ikiwa imeandikwa vyema, haina maana ikikaa kabatini. Nakala yake inapaswa kuwa kwa msemaji aliyeteuliwa na katika faili ya mgonjwa hospitalini.

Hitimisho

Mwalimu wa mfano huu alitamka mambo sita. Mawili yalitekelezeka kisheria: mke kupata shamba na binti kupata nyumba. Matatu, yaani kaburi, gari na vitabu, yaliachwa mikononi mwa wema wa jamaa. La sita, la mashine ya kupumulia, lilisomwa baada ya mazishi. Yote aliyaita wosia, na kwa Kiswahili hakukosea. Anayeandika wosia leo hana budi kuuliza maswali matatu juu ya kila sentensi: imo katika hati ipi, inatoa au inatumaini, na itasomwa mwenyewe akiwa hai au akiwa amekwisha kuzikwa.