Namba ni Sahihi, Seva Imechelewa

Ofisi nyingi sasa zinamtaka mfanyakazi aingie kwenye mfumo kwa hatua mbili: kwanza neno la siri, kisha namba ya tarakimu sita anayoisoma kwenye programu ya simu yake. Namba hiyo hubadilika kila baada ya sekunde 30. Wengi hudhani inatumwa na seva kupitia intaneti, na siku inapokataliwa wanalaumu mtandao. Lakini ukizima data ya simu kabisa, namba zitaendelea kubadilika kama kawaida, na mfumo utazikubali. Hakuna kinachotumwa. Simu inaikokotoa namba peke yake, seva nayo inaikokotoa peke yake, na majibu yao hulingana kwa sababu mbili tu: siri waliyoshirikishana siku ulipopiga skani ule mraba wa QR, na saa.

Ile siri haibadiliki. Saa ndiyo inayoteleza.

Kanuni za namba hizi, zinazojulikana kama TOTP, zilichapishwa mwaka 2011 katika waraka wa RFC 6238, na hesabu yake haina ugumu. Kompyuta huhesabu sekunde zilizopita tangu usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya dunia iitwayo UTC. Idadi hiyo inagawanywa kwa 30 na desimali zinaachwa. Kinachobaki ni namba ya hatua, na hatua hiyo ikichanganywa na ile siri ndipo zinapatikana tarakimu sita.

Tuchukue ofisi ya chama cha akiba na mikopo yenye seva yake chumba cha nyuma. Mhasibu anafunga hesabu usiku wa tarehe 15 Novemba 2023, saa 7:13 na sekunde 45, saa za Afrika Mashariki. Wakati huo sekunde zilizohesabiwa tangu 1970 ni 1,700,000,025. Gawanya kwa 30, unapata hatua ya 56,666,667, na simu yake inaonyesha namba ya hatua hiyo. Seva ya ofisi imechelewa sekunde 100, kwa hiyo yenyewe bado iko kwenye hatua ya 56,666,664. Kwa kawaida seva hukubali hatua yake, moja iliyotangulia na moja inayofuata, ili kumvumilia mtu anayeandika polepole. Hapa tofauti ni hatua tatu. Mhasibu anaandika namba iliyo sahihi kabisa, anaambiwa amekosea, anarudia, na baada ya majaribio kadhaa akaunti yake inafungwa.

Hali hiyo haikuanza usiku ule. Seva ilipokuwa imechelewa sekunde 45, watu walikuwa wakikataliwa mara moja moja tu, na kukataliwa huko kulikuwa na mpangilio ambao hakuna aliyeutazama. Namba iliyotokea sasa hivi kwenye simu ilikataliwa, lakini ile iliyobakiza sekunde chache kutoweka ilikubaliwa, kwa sababu katika nusu ya pili ya zile sekunde 30 seva ilikuwa nyuma kwa hatua moja tu. Watumiaji wakisema "namba mpya hazikubali, za kuishia zinakubali", fundi asiwapuuze. Wameshamwambia kwamba seva iko nyuma kwa kati ya sekunde 30 na 60.

Hata ikiwa nyuma zaidi kuna jaribio jepesi. Andika namba kwenye karatasi, subiri kama dakika moja na nusu, kisha iingize. Namba hiyo ilipaswa kuwa imekufa. Ikikubaliwa, ni seva iliyokuwa haijaifikia. Wakati huohuo muulize mwenzako ajaribu kwa simu yake. Kama mtu mmoja tu ndiye anayekataliwa, tazama saa ya simu yake, mara nyingi ameiweka kwa mkono badala ya kuiacha ijirekebishe yenyewe. Wakikataliwa wote kwa pamoja, nenda kwenye seva.

Saa ya kompyuta inategemea fuwele ndogo ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Fuwele ya bei ya kawaida inaweza kukosea sehemu 20 katika milioni, na joto linaongeza kosa. Sehemu 20 katika milioni ni kama sekunde 1.7 kwa siku, na kwa mwendo huo zile sekunde 100 hujikusanya ndani ya miezi miwili. Hakuna kilichoharibika, ndivyo fuwele zilivyo. Pigo kubwa zaidi hutoka kwa betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi, ile inayotunza saa umeme ukikatika. Ikiisha, kompyuta inaamka ikiamini ni miaka kadhaa iliyopita. Hapo hata tovuti salama hazifunguki, kwa sababu vyeti vyake vinaonekana kama havijaanza kutumika.

Halafu kuna kosa linalofanywa na mkono wa binadamu, na ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu hufanywa na mtu mwenye nia ya kusaidia. Seva nyingi zikitoka kufungwa huwa zimewekwa kwenye UTC. Fundi anaangalia saa yake ya mkononi, ni saa 3 asubuhi, lakini skrini inasema 06:00. Anaona imekosea, anaandika 09:00, anaondoka ameridhika. Seva ilikuwa sahihi. Ilichokosa ni kuambiwa iko ukanda gani wa saa, kwani sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Sasa skrini inapendeza macho, lakini hesabu ya ndani imesogezwa mbele sekunde 10,800, yaani hatua 360. Hakuna namba ya simu yoyote itakayokubaliwa tena, na kila atakayekuja kukagua ataona saa inalingana na ya ukutani. Ndiyo maana ukaguzi uanze kwa amri hii:

```
timedatectl
```

Usisome mstari wa kwanza pekee, ule wa `Local time`. Soma `Universal time` na uhakikishe iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu kamili. Kama ukanda ndio uliokosewa, rekebisha ukanda na uiache saa yenyewe:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
```

Mstari wa kutazama kwa makini kuliko yote ni `System clock synchronized`. Ukisema `no`, seva inajiendea yenyewe, na hata ukiirekebisha leo kwa mkono itateleza tena.

Dawa yake ni itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1985. Ugumu aliokabiliana nao ni kwamba jibu la "sasa ni saa ngapi?" huwa limeshachelewa linapofika, na hujui limechelewa kiasi gani. Njia yake ni kuandika nyakati nne. Tuseme seva yetu inatuma swali saa yake ikisoma 10:00:00.000. Seva ya saa inalipokea kwa saa yake 10:01:40.040, na inajibu 10:01:40.041. Jibu linatufikia saa yetu ikisoma 10:00:00.081. Kwenda, tofauti ya saa hizo mbili ilionekana sekunde 100.040, kurudi, ilionekana 99.960. Wastani wake ni 100 kamili, na muda wa safari umejifuta wenyewe. Hesabu hii inadhania kwamba kwenda na kurudi huchukua muda sawa. Isipokuwa hivyo, kosa haliwezi kuzidi nusu ya safari nzima. Hata kwenye laini mbovu ambayo safari yake inachukua milisekunde 600, kosa ni sekunde 0.3 kwa wingi, na namba ya sekunde 30 haiwezi kulihisi.

Kwenye seva za Linux programu ninayoipendekeza ni chrony, hasa kwa sehemu zetu ambako umeme na intaneti hukatika, maana hujifunza fuwele ya kompyuta hiyo hukosea kiasi gani na huendelea kuifidia hata mtandao ukiwa haupo. Mipangilio inayotosha ni mifupi:

```
pool africa.pool.ntp.org iburst
makestep 1.0 3
rtcsync
```

Mstari wa kati unahitaji maelezo. Saa ikiwa imekosea kidogo, chrony hairuki. Huiharakisha au huipunguza mwendo mpaka ilingane, ili hifadhidata isione muda ukirudi nyuma na miamala ikapangika kinyume. Mstari huo unairuhusu kuruka ikiwa kosa limezidi sekunde moja, lakini katika marekebisho matatu ya kwanza tu baada ya kuwashwa. Kwenye seva ambayo tayari inafanya kazi na imechelewa sekunde 100, kulingana polepole kunaweza kuchukua kama dakika 20. Ukitaka iruke mara moja, chagua wakati ambapo hakuna muamala unaoendelea, kisha uamuru:

```
sudo chronyc makestep
```

Tokeni zinazopeanwa kati ya seva na seva hugongwa na tatizo hilohilo. Seva inayotoa tokeni huandika ndani yake lini ianze kutumika, `nbf`, na lini iishe, `exp`. Inayopokea husoma nyakati hizo kwa saa yake mwenyewe. Ikiwa nyuma, tokeni ya halali itaonekana haijaanza; ikiwa mbele kwa dakika sita, tokeni ya dakika tano itafika imeshakufa. Mifumo inayotumia Kerberos, ikiwemo Active Directory, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika tano, ikizidi hapo hakuna anayeingia.

Wapo wanaoponya yote haya kwa kupanua uvumilivu: badala ya hatua moja kila upande, wanaweka kumi. Malalamiko yatakwisha siku hiyo. Lakini namba iliyochunguliwa begani kwa mtu sasa itatumika kwa dakika tano nzima badala ya dakika moja hivi, anayebahatisha atakuwa na namba 21 zinazokubalika kwa wakati mmoja badala ya tatu, na saa itaendelea kuteleza mpaka ivuke hata mpaka huo mpya.

Baada ya kurekebisha, thibitisha kwamba majibu kweli yanafika:

```
chronyc sources
```

Chanzo kilichochaguliwa kina alama `^*`. Safu ya `Reach` ikisoma 377, maswali manane ya mwisho yote yamejibiwa. Ikibaki 0 kwa kila chanzo, karibu kila mara ukuta wa ulinzi wa mtandao umezuia mlango wa UDP namba 123. Usiufungulie kila kompyuta ya ofisi. Chagua seva moja iruhusiwe kutoka nje, iongezee mstari wa `allow` wenye anwani za mtandao wa ndani, nyingine zote ziulize saa kwake, kisha mwombe mhasibu ajaribu kuingia kwa namba ambayo ndiyo kwanza imetokea kwenye simu.